Insulini si ufunguo: namna ya kuifuata ishara mpaka GLUT4 ifike juu ya seli

Mgonjwa anayeanza sindano za insulini huelezwa hivi na muuguzi: "Mama, insulini ni ufunguo. Sukari imesimama nje ya seli inabisha hodi, na ufunguo huu ndio unaofungua mlango." Nimeusema mfano huo mara nyingi mwenyewe, na kwa mtu anayejifunza kushika sindano kwa mara ya kwanza unatosha kabisa. Shida inaanza pale mwanafunzi wa maabara au wa tiba anapoubeba mfano huo hadi kwenye mtihani, na kutoka hapo hadi kwenye kazi, akiamini kwamba ukutani mwa seli upo mlango uliofungwa unaosubiri kufunguliwa.

Kwenye misuli na mafuta, mlango huo haupo ukutani. Umehifadhiwa ndani ya seli, ndani ya vifuko vidogo sana, na kazi ya insulini ni kufanya uletwe nje. Ukishaelewa hivyo, swali la kuuliza linabadilika. Badala ya kuuliza kwa nini ufunguo haufanyi kazi, utauliza: ujumbe umekatikia wapi kati ya ukuta na ghala, au milango yenyewe iko mingapi humo ghalani? Mwongozo huu ni wa kukufikisha kwenye swali hilo, na kukuonyesha jinsi ya kulijibu mezani na kwa mgonjwa.

Chukua karatasi na penseli. Chora duara kubwa, kisha ndani yake chora duara jingine linalokaribia kulijaza. Hiyo ni seli ya mafuta: tone la mafuta limechukua karibu nafasi yote, na utomvu wa seli umebanwa pembeni kama ganda jembamba. Katika ganda hilo weka vitone vingi. Hivyo ndivyo vifuko vyenye GLUT4, protini inayopitisha glukosi. Mtu akiwa hajala, takribani kitone 1 kati ya 20 ndicho kilicho juu ya utando wa nje, na vilivyobaki viko ndani. Usivichore kama vimeganda. Hata bila insulini, GLUT4 chache hutoka na kurudi muda wote, ila zinatoka polepole na kurudishwa haraka. Insulini inaongeza kasi ya kutoka.

Jambo hili lilijulikana mwaka 1980, kabla GLUT4 yenyewe haijatambuliwa. Makundi mawili nchini Marekani, Cushman na Wardzala upande mmoja, Suzuki na Kono upande mwingine, yalifanya kazi inayofanana bila kutegemeana. Walichukua seli za mafuta za panya, baadhi zikapewa insulini na nyingine zikaachwa, kisha wakazipasua na kutenganisha tando zake kwa mashine ya kuzungusha. Uwezo wa kusafirisha glukosi uliongezeka kwenye utando wa nje na kupungua kwenye tando za ndani. Kilichoonekana upande mmoja kilikuwa kimeondoka upande wa pili. Jeni la GLUT4 lilikuja kusomwa mwaka 1989, na protini hiyo ikaonekana imejaa hasa kwenye misuli ya mifupa, moyo na mafuta. Ubongo unategemea zaidi visafirishaji vingine, na ini lina cha kwake, GLUT2, ambacho kiko juu ya utando muda wote. Ndiyo sababu nasema mchoro wako ni wa seli ya misuli au mafuta, na usiuhamishie mahali pengine.

Sasa chora ishara. Juu ya utando weka kipokezi cha insulini. Kina vipande vinne: viwili viko nje vikisubiri insulini, viwili vimepenya utando na mikia yake imeingia ndani. Insulini ikikaa kwenye vipande vya nje, umbo la kipokezi linabadilika na mikia ya ndani inasogeleana. Mikia hiyo ni kimeng'enya. Kila mmoja unabandika fosfeti kwenye mwenzake, mahali penye asidi amino iitwayo tairosini. Kuanzia hapo insulini yenyewe haiendi kokote tena katika habari hii. Haiingii kwenda kuita vifuko. Kinachoendelea ndani ni fosfeti kubandikwa mahali fulani, na protini nyingine kuja kupashika.

Ya kwanza kuja ni IRS-1. Nayo inabandikwa fosfeti na kipokezi, na zile fosfeti zinakuwa kama kulabu ambazo kimeng'enya PI3K kinajining'iniza kwazo. PI3K ikishafika karibu na utando, inafanya kazi moja tu inayotuhusu: inachukua mafuta fulani yaliyo sehemu ya utando wenyewe, yaitwayo PIP2, inayaongezea fosfeti moja, yanakuwa PIP3. Hapa wanafunzi wengi hupita haraka, nami nakuomba usimame. Kufikia hapa ishara ilikuwa kwenye protini. Sasa imeandikwa kwenye utando. Sehemu ya ukuta imebadilika, na protini yoyote inayoitambua PIP3 itakuja kukaa pale. Akt ni mojawapo. Ikifika hapo, vimeng'enya viwili vinaibandika fosfeti mahali pawili, PDK1 kwenye nafasi ya 308 na mTORC2 kwenye nafasi ya 473, na Akt inaamka. Kwenye misuli na mafuta anayebeba sehemu kubwa ya kazi hii ni ndugu mmoja katika ukoo wa Akt, Akt2. Ukiimwagia seli insulini maabara, hatua zote hizi kutoka kipokezi hadi Akt zinamalizika ndani ya dakika moja au mbili.

Kisha inakuja sehemu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kiini cha somo zima. Ukimwuliza mwanafunzi Akt inafanya nini, atakwambia "inasukuma vifuko viende juu." Haisukumi. Inaondoa breki.

Breki hiyo ni protini iitwayo AS160, ambayo kwenye orodha za jeni utaikuta kwa jina TBC1D4. Ili kuielewa, kwanza zijue Rab. Rab ni protini ndogo zinazokaa juu ya vifuko, na zina hali mbili. Zikiwa zimeshika GTP ziko macho, na kifuko kinaweza kupokea vibebeo, kusafiri, na kutia nanga kwenye utando. Zikiwa na GDP zimelala, na kifuko kinabaki ghalani. AS160 huharakisha Rab kuibadilisha GTP iwe GDP. Kwa maneno mengine, kadiri AS160 inavyofanya kazi, Rab zinalazwa na vifuko vinabaki ndani. Akt ikiibandika AS160 fosfeti, hasa kwenye nafasi ya 642, breki inalegea. Rab zinabaki macho, Rab10 kwenye mafuta na Rab8A kwenye misuli, na vifuko vinaanza kutoka.

Kufika karibu na utando bado si kufika juu. Utando wa kifuko unapaswa kuungana na utando wa seli ili GLUT4 ikae wazi. Kifuko kina protini iitwayo VAMP2, na utando wa seli una nyingine mbili, sintaksini 4 na SNAP23. Zinasokotana kama nyuzi za kamba hadi tando mbili zinagusana na kuwa moja. Hapo GLUT4 iko nje, na glukosi inapita kutoka palipo na nyingi kwenda palipo na kidogo, bila kutumia nguvu. Ndani, kimeng'enya heksokinasi kinaibandika fosfeti mara moja, na glukosi yenye fosfeti haiwezi kurudi ilikotoka. Kwa seli zilizo kwenye sahani, idadi ya GLUT4 juu ya utando inafikia kilele baada ya dakika 10 hadi 15. Ndani ya mwili huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu insulini inapaswa kwanza kuvuka ukuta wa mishipa myembamba ya damu kuifikia misuli. Insulini ikiondoka, vifuko vinavutwa ndani tena.

Mchoro umekamilika. Sasa ujaribu.

Njia ninayoipenda kufundishia inatumia seli za misuli za panya ziitwazo L6, zilizotengenezwa ziwe na GLUT4 yenye alama ndogo iitwayo myc. Maabara ya Amira Klip mjini Toronto ndiyo iliyozieneza. Ujanja uko mahali alama ilipowekwa: kwenye kipande cha GLUT4 kinachobaki nje ya seli pale protini inapofika juu. Kwa hiyo kingamwili inayoitambua myc, ikimwagwa juu ya seli ambazo utando wake haujatobolewa, itashika GLUT4 zilizo nje tu. Zilizo ndani ya vifuko hazifikiki. Kingamwili ya pili yenye kimeng'enya cha rangi inaongezwa, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo GLUT4 zilivyo nyingi juu.

Seli zikishakua na kuungana kuwa nyuzi za misuli, ziondoe kwenye seramu kwa saa 3 hivi. Zipe insulini ya nanomoli 100 kwa lita kwa dakika 20 kwenye nyuzijoto 37. Kisha weka sahani juu ya barafu papo hapo na uoshe kwa maji ya chumvi baridi, maana kwenye baridi vifuko havisogei, na picha unayotaka kuisoma inabaki vile ilivyokuwa. Gandisha seli kwa dawa, weka kingamwili, osha, weka ya pili, weka rangi, soma.

Usiishie kwenye vishimo viwili, cha insulini na kisicho na insulini. Weka cha tatu ambacho umekipa wotmanini nanomoli 100 kwa dakika 20 au 30 kabla ya insulini. Wotmanini inazima PI3K. Chukulia kwamba vishimo visivyo na insulini vimesoma 100, vya insulini 190, na vya wotmanini pamoja na insulini 105. Ongezeko la karibu maradufu ni la kawaida kwa seli za L6. Ukiona ongezeko la mara kumi usifurahi, tafuta kosa. Usomaji huo wa 105 unakwambia kwamba karibu ongezeko lote limepitia PI3K. Sasa sahani ya pili: pasua seli zake na upime fosfeti ya kipokezi, ya Akt nafasi 473, na ya AS160 nafasi 642. Kwenye vishimo vya wotmanini utakuta kipokezi kimebandikwa fosfeti vizuri, na Akt na AS160 hazina kitu. Ujumbe ulifika mlangoni ukakwama kwa PI3K. Hivyo ndivyo unavyotafuta mahali ulipokatika: tafuta hatua ya mwisho iliyo hai na ya kwanza iliyo kimya, na kosa liko katikati yake.

Nikueleze namna nilivyojifunza umuhimu wa zile saa 3 bila seramu. Mwaka wangu wa kwanza kufanya kipimo hiki, asubuhi moja nilitoa sahani kwenye mashine ya kusomea rangi nikaona vishimo vyote vya njano sawasawa. Visivyo na insulini vilikuwa juu kama vyenye insulini. Nilikaa siku nzima nikiishuku insulini, nikaibadilisha, nikarudia, ikawa vilevile. Kosa halikuwa kwenye insulini. Nilikuwa nimeharakisha na kuacha seli kwenye seramu hadi dakika ya mwisho, na seramu ya ng'ombe ina homoni zake na vichocheo vya ukuaji vinavyopitia njia ileile. Seli zangu zilikuwa tayari zimekula. Niliyapata maelezo hayo nilipopima Akt kwenye vishimo ambavyo havijaguswa: fosfeti ilikuwepo tele. Tangu siku hiyo sipimi GLUT4 kabla sijaona Akt ikiwa kimya kwenye vishimo vya mwanzo.

Yako makosa mengine mawili ninayoyaona kila mara. La kwanza ni dawa ya kugandisha seli kukaa muda mrefu au kuwa kali hadi utando unatoboka. Kingamwili inaingia ndani, inahesabu hata GLUT4 zilizo ghalani, na insulini inaonekana haina kazi. Utaligundua kwa kutoboa vishimo kadhaa kwa makusudi: hivyo ndivyo vinavyokupa jumla ya GLUT4 yote. Kama vishimo vyako vya kawaida vinasoma karibu na jumla hiyo, utando umetoboka. La pili ni insulini kupotea kabla haijafika kwenye seli. Ikiwa imezimuliwa sana hujishikiza kwenye plastiki ya mirija. Izimue siku hiyohiyo, kwenye kimiminika chenye albumini kidogo.

Kuna mpaka mmoja wa kipimo hiki usiopaswa kuusahau. Nanomoli 100 si insulini ya mtu. Damu ya mtu mwenye afya baada ya mlo huwa na insulini ya mamia ya pikomoli kwa lita, yaani chini ya nanomoli 1. Tunatumia nyingi kuona kilele cha jibu. Lakini mtu mwenye usugu wa insulini anaweza kukosa jibu kwenye kiasi kidogo na bado akalipata kwenye kiasi kikubwa. Ukitaka kujua usugu, panga ngazi, tuseme nanomoli 0.1, 1, 10 na 100, uone mstari umesogea wapi. Kipimo kimoja cha 100 kinaweza kukwambia seli ni nzima wakati si nzima.

Tutoke mezani twende kwa watu. Kisa ninachokiona bora kuliko vyote cha kufundishia njia hii kinatoka Grinlandi. Mwaka 2014 watafiti wa Denmaki na Grinlandi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa zaidi ya watu 2,500 wa Grinlandi. Walikuta badiliko katika jeni la TBC1D4, ile breki yetu, ambalo linakatisha protini katikati, kwenye asidi amino ya 684. Takribani asilimia 17 ya nakala za jeni hilo katika watu hao zilikuwa na badiliko. Aliyerithi nakala mbili zenye badiliko, moja kwa baba na moja kwa mama, alikuwa na uwezekano wa kuwa na kisukari cha aina ya pili takribani mara 10 ya asiye nalo.

Kabla hujaendelea, rudi kwenye mchoro wako ujiulize ulitarajia nini. Breki imekatika. Kama AS160 ndiyo inayozuia vifuko, bila shaka vifuko vingetoka ovyo, misuli ingejaa GLUT4 juu, na sukari ya damu ingeshuka. Wanafunzi wangu hujibu hivyo karibu wote, na jibu hilo lina mantiki. Watu wa Grinlandi wanaonyesha kinyume.

Ufumbuzi uko kwenye vile vitone ulivyovichora. Ghala si mahali pa kuzuilia tu. Ndipo GLUT4 inapohifadhika. GLUT4 isiyorudishwa vizuri kwenye vifuko vyake huishia njia nyingine, huko inakovunjwavunjwa. Panya walioondolewa jeni hili wanaonyesha hivyo: GLUT4 inavuja juu zaidi kidogo hata bila insulini, lakini jumla ya GLUT4 kwenye misuli imepungua. Misuli ya watu wenye nakala mbili za badiliko nayo ilikutwa na GLUT4 pungufu. Insulini inapoita, ujumbe unafika, Akt inaamka, ila milango ya kuleta ni michache. Breki ilikuwa pia ndiyo mtunzaji wa ghala.

Na badiliko hilo linaathiri umbo refu la AS160 tu, lile linalotumika zaidi kwenye misuli ya mifupa. Sasa chukua mtu wa kufikirika mwenye nakala mbili, umfuate kliniki. Akifunga usiku kucha na kupimwa asubuhi, sukari yake inasoma 5.2. Mpimaji anamwambia yuko salama. Kwa nini inasoma vizuri? Kwa sababu sukari ya mtu aliyefunga inatawaliwa hasa na ini, ambalo linatengeneza na kutoa glukosi usiku. Ini lake linasikia insulini kama kawaida, na glukosi yake haipitii GLUT4. Mnyweshe gramu 75 za glukosi, msubirishe saa 2, upime tena. Sasa inasoma 12.0, juu ya 11.1 inayotosha kuashiria kisukari. Wakati huu kazi ilikuwa ya misuli, maana ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya glukosi inayoondolewa na insulini kwenye damu, na misuli yake haina milango ya kutosha. Pima insulini pia kwa saa ileile utaikuta juu, kongosho likijitahidi kupaza sauti. Katika uchunguzi wenyewe, waliokuwa na nakala mbili walikuwa na glukosi ya saa 2 iliyo juu kwa wastani wa milimoli 3.8 kwa lita, huku ile ya kufunga ikiwa haijapanda.

Mtu wa namna hii akipimwa kwa kufunga tu, anapita katikati ya vidole vyako. Hilo ndilo ninalotaka ulichukue hata kama hutakutana na mtu wa Grinlandi maisha yako yote. Vipimo viwili vya sukari vinauliza viungo viwili tofauti. Asubuhi kabla ya kula unaliuliza ini. Saa 2 baada ya glukosi unaiuliza misuli.

Linganisha na mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili unayemwona kila wiki. Kwake hali ni tofauti, na inafaa uiweke wazi kichwani. Kwenye misuli yake, jumla ya GLUT4 huwa ya kawaida. Milango ipo ghalani, ila insulini ikiita, inayotoka ni pungufu. Kwenye mafuta yake jumla yenyewe imeshuka. Wengi wanaeleza kwamba mafuta yaliyojikusanya ndani ya misuli yanafanya IRS-1 ibandikwe fosfeti mahali pasipofaa na kushindwa kuipokea PI3K. Wengine wanaonyesha seli zenye Akt iliyoamka vizuri ambamo GLUT4 bado hazitoki, na kusema kosa liko mbele zaidi. Mjadala huo haujaisha, na ukisoma kitabu kinachokueleza kwamba umeisha, kisome kwa uangalifu.

Kwa wote wawili, misuli ina njia ya pili, na hapa ndipo mfano wa ufunguo unapokosea kwa namna inayomuumiza mgonjwa. Misuli ikijikunja, inaita GLUT4 bila kukitegemea kile kipokezi. Nguvu ikitumika, kimeng'enya AMPK kinaamka, kalsiamu inapanda, na vifuko vinatoka kwa ishara zisizopita kwa PI3K. Ushahidi ni kipimo kilekile cha wotmanini: loweka misuli ya panya iliyotolewa mwilini kwenye wotmanini, haiitiki tena insulini, lakini ukiifanya ijikunje kwa umeme bado inachukua glukosi. Breki iliyo karibu zaidi na njia hii ni ndugu wa AS160, TBC1D1, aliye mwingi kwenye misuli. Hata wale wa Grinlandi wenye nakala mbili wanafaidika: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa wanaojishughulisha kimwili zaidi kati yao walikuwa na glukosi ya saa 2 iliyo chini zaidi.

Kwa hiyo unapomwambia mgonjwa atembee, mwambie atembee lini na kwa nini. Atembee baada ya kula, glukosi inapokuwa njiani kuingia kwenye damu, na ajue miguu yake ndiyo misuli mikubwa kuliko yote aliyonayo. Akitembea, misuli hiyo inaleta milango yake yenyewe. Na baada ya kutulia, misuli iliyofanya kazi huisikia insulini vizuri zaidi kwa saa nyingi, mara nyingine hadi siku mbili, kisha inarudi ilivyokuwa. Atembee leo, na kesho kutwa arudie. Na kama anatumia sindano za insulini au vidonge vinavyolichochea kongosho, mwelekeze apime sukari kabla na baada ya mazoezi marefu, kwa sababu njia zote mbili zikiita kwa wakati mmoja, glukosi inaweza kuingia kwenye misuli haraka kuliko ini linavyoirudisha, na mtu akaanza kutetemeka na kutoka jasho akiwa bado barabarani.